Dole gumba si kura: jinsi ya kuuliza na kuhesabu maoni katika kundi la WhatsApp la kijiji

Katika vijiji vingi vya makazi ya wakimbizi, maamuzi ambayo zamani yalifanywa chini ya mti sasa yanaanzia kwenye simu. Mwenyekiti anaandika ujumbe: mchango wa bomba upande, siku ya usafi ihamishwe, fulani achaguliwe kwenye kamati. Chini ya ujumbe watu wanaweka alama, nyingi zikiwa dole gumba 👍. Jioni mwenyekiti anahesabu na kuandika: "Wengi wamekubali, asanteni."

Mara nyingi hakuna nia mbaya hapo. Lakini wiki chache baadaye mchango haulipwi, bomba linafungwa, na watu wanaambiana: "Mimi sikukubali kitu, niliweka dole kuonyesha nimeona." Makala hii inaeleza kwa nini hesabu ya madole hupotosha, na jinsi kamati inavyoweza kuuliza swali hilohilo na kupata jibu ambalo watu watalitambua kuwa lao.

Dole linasema nini?

Ukiwauliza watu watano kwa nini waliweka 👍 kwenye ujumbe wa mwenyekiti, utapata majibu tofauti. Mmoja atasema anakubaliana na jambo lenyewe. Wa pili alitaka tu kusema ujumbe umemfikia. Wa tatu aliweka kwa heshima, kwa sababu mkubwa akisema haifai kunyamaza kana kwamba hukumsikia. Wa nne anashukuru kamati kwa kazi yake, ingawa pesa hiyo hana. Wa tano aliona wengine wameweka, naye akaweka.

Alama ya mikono iliyounganishwa 🙏 ina utata zaidi. Kwa mmoja ni "asante", kwa mwingine ni "tafadhali msifanye hivyo", na kwa mwingine ni sala.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawajaliona. Ukibonyeza ujumbe kwa muda kidogo kwenye WhatsApp, zinatokea alama sita za kawaida: 👍 ❤️ 😂 😮 😢 🙏. Tazama vizuri: hakuna hata moja inayosema "hapana". Anayekubali anagusa mara moja tu. Anayekataa anapaswa kugusa alama ya kujumlisha mwishoni, kisha atafute 👎 au ❌ kati ya mamia ya picha. Na akiipata, alama yake itasimama peke yake mbele ya kijiji kizima. Kwa hiyo watu wengi wenye "hapana" hawaweki chochote. Anayehesabu alama anaona "ndiyo" tupu, kumbe njia ya "hapana" ilikuwa imefichwa tangu mwanzo.

Usidhani kwamba utata huu ni wa watu wasiozoea simu. Mwaka 2021 huko Saskatchewan, Kanada, mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa tani 86 za kitani na kumwomba athibitishe. Mkulima akajibu kwa 👍. Wakati wa kupeleka mzigo ulipofika hakupeleka. Mahakamani alisema dole lake lilikuwa na maana ya kwamba ameupata mkataba, si kwamba ameukubali. Mwaka 2023 jaji aliamua kuwa dole lile lilikuwa sawa na saini, na mkulima akaamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo, ingawa majaji wake hawakuwa na kauli moja.

Hukumu ya Kanada haina nguvu huku kwetu. Ila sababu ya jaji inafaa kuijua. Aliangalia mazoea ya watu hao wawili: huko nyuma mkulima alikuwa akijibu mikataba kwa neno fupi kama "sawa", kisha analeta mzigo. Maana ya dole ilitoka kwenye mazoea yao. Katika kundi la kijiji lenye watu zaidi ya mia, wa lugha tatu au nne, hakuna mazoea ya pamoja. Kila mtu ana maana yake.

Tuhesabu pamoja

Tuchukue mfano. Hesabu zake tumezipanga wenyewe ili ziwe rahisi kufuata.

Bomba moja linatumiwa na kaya 160: kaya 130 za wakimbizi na 30 za wenyeji. Kila kaya inatakiwa kuchanga shilingi 1,000 kwa mwezi, kwa ajili ya mlinzi wa bomba na vipuri. Kaya 110 hivi hulipa, kwa hiyo kamati hupata shilingi 110,000. Haitoshi. Mwenyekiti wa kamati ya maji anaandika kwenye kundi: "Tunapendekeza mchango uwe 2,000 kuanzia mwezi ujao." Kundi lina namba 118 pamoja na yake. Baada ya siku mbili kuna madole 52, na hakuna aliyepinga. Anatangaza kuwa imepita.

Sasa tufungue orodha. Ukigusa alama zilizo chini ya ujumbe, WhatsApp inaonyesha nani ameweka nini. Kati ya madole 52, mawili ni ya watu wenye laini mbili ambao wamehesabiwa mara mbili. Matano ni ya watu wasiochota maji pale: wafanyakazi wawili wa shirika, jirani aliyehamia kijiji kingine, muuguzi wa kituo cha afya, na ndugu aliyekwishasafirishwa nchi ya tatu lakini bado yumo kundini. Yanabaki madole 45.

Mchango ni wa kaya, si wa mtu. Katika nyumba nyingine baba, mama na kijana wao wote wameweka dole. Ukipanga madole 45 kwa kaya, unapata kaya 36.

Kamati inazipigia simu kaya hizo 36 na kuuliza swali moja: "Uko tayari kulipa 2,000?" Kaya 23 zinasema ndiyo. Kaya 9 zinasema ziliweka dole kuonyesha zimeona. Kaya 4 zinasema zilikuwa zinashukuru kamati, lakini pesa hiyo hazina.

Basi, "wengi wamekubali" imekuwa kaya 23 kati ya 160. Hiyo ni kama kaya moja katika kila saba.

Na wengine je? Mwandishi wa ujumbe anaweza kubonyeza ujumbe wake na kufungua "Info" ili aone nani ameusoma na nani bado. Yeye peke yake ndiye anayeliona hilo. Katika mfano wetu, kati ya watu 117 waliotumiwa, 84 wameusoma na 33 hawajaufungua. Wengine hununua bando siku za mnada tu, wengine simu imezimika kwa kukosa chaji. Waliosoma wakanyamaza ni 32. Hatujui wanafikiri nini, na ukimya wao si "ndiyo".

Kundi kubwa zaidi ni lile lisiloonekana kabisa kwenye simu. Kaya 70 kati ya 160 hazina mtu kundini. Wana simu za kitochi, au hawana simu, au hawasomi. Kati ya hizo, 24 ni kaya za wenyeji. Mlinzi atakapomwambia mama mwenyeji alipe 2,000, atauliza: "Nani aliamua?" Jibu la "tulikubaliana kwenye WhatsApp" kwake litakuwa na maana moja: wakimbizi wamekaa peke yao na kupanga bei ya maji yake. Ugomvi wa bomba huanza hivyo.

Mwisho wa mwezi kaya 41 zinalipa 2,000. Kamati imepata shilingi 82,000. Imepandisha mchango, na imepata pungufu kuliko mwanzo.

Kila mtu anaona umesimama wapi

Wasomaji wa Kenya wenye umri mkubwa wanakumbuka mlolongo wa mwaka 1988, wapiga kura walipopangwa mstari nyuma ya mgombea au picha yake. Uganda nayo, Julai 2018, ilichagua wenyeviti wa vijiji, LC, kwa wananchi kupanga mstari. Ubaya wa mstari unajulikana: mwenye duka anayekukopesha, kiongozi anayeandika majina, jirani yako, wote wanaona ulikosimama.

Alama kwenye WhatsApp ni mlolongo wa namna hiyo, tena wenye kasoro mbili zaidi. Kwanza, kwenye mlolongo angalau mpinzani ana mstari wake wa kusimama. Kwenye ujumbe wa dole kuna mstari mmoja tu. Pili, mstari ukivunjika watu wanarudi nyumbani, lakini alama inabaki kwenye simu za watu na inaweza kupigwa picha na kutumwa kwingine pamoja na namba yako.

Kwa hiyo yako mambo yasiyofaa kuulizwa kundini kabisa, hata kwa utaratibu mzuri. Kumwondoa au kumchagua kiongozi ni moja. Kuamua nani aingie kwenye orodha ya msaada ni lingine. Na jambo lolote linalohusu shutuma dhidi ya mtu, au ukatili uliomfika mtu, halipigiwi kura ya aina yoyote. Linapelekwa kwa wanaohusika, kimyakimya.

Kwa kura ya siri hakuna haja ya teknolojia. Chungu chenye mdomo mwembamba, kilichofunikwa kitambaa na kuwekwa ndani ya chumba, kinatosha. Kila kaya inapewa punje moja ya mahindi na moja ya maharage. Hindi ni ndiyo, harage ni hapana. Mtu anaingia peke yake, anatumbukiza moja, na ile nyingine anaidondosha kwenye mfuko uliofungwa mdomo ili isionekane. Mwishoni punje zinamwagwa kwenye mkeka na kuhesabiwa mbele ya watu. Asiyesoma anapiga kura sawa na mwalimu.

Ukitaka kutumia simu, tumia kura ya WhatsApp

Kwa mambo yasiyohitaji siri, WhatsApp ina chombo chake cha kura, na ni bora kuliko alama. Gusa kitufe cha kuambatisha, pale unapoambatisha picha, kisha chagua "Poll". Kwenye simu ya Kifaransa kimeandikwa "Sondage". Andika swali, halafu majibu. Weka majibu matatu: Nakubali, Sikubali, Sijaamua. Hapo "hapana" imepata mlango wake, sawa na "ndiyo", na aliyeona tu ana mahali pa kugusa.

Kabla ya kutuma, zima "Allow multiple answers". Isipozimwa, mtu mmoja anaweza kuchagua Nakubali na Sikubali kwa pamoja, na hesabu inaharibika. Baada ya kutuma, kila mtu anaweza kufungua "View votes" na kuona nani amechagua nini. Maana yake ni kwamba kura hii nayo haina siri. Pia inahesabu namba za simu, si kaya, na mtu anaweza kubadilisha jibu lake baadaye. Mambo hayo matatu lazima kamati iyashughulikie yenyewe.

Kama simu za wengi ni za zamani na kura haifunguki vizuri, alama zinaweza kutumika, mradi kila alama ipewe maana ndani ya ujumbe wenyewe, na zitumike zile zinazotokea bila kutafuta. Kwa mfano:

*SWALI KWA KAYA ZOTE ZA BOMBA: Mchango uwe shilingi 2,000 kwa mwezi?*
*👍 Nakubali*
*😮 Sikubali*
*🙏 Nimeona, sijaamua*
*Kaya moja, alama moja. Mwisho Jumapili saa 12 jioni. Wasio na simu watafikiwa nyumbani.*

Kumbuka kwamba WhatsApp inampa mtu alama moja tu kwa kila ujumbe. Akiweka nyingine, ya kwanza inafutika. Kwa hiyo usiweke maswali mawili kwenye ujumbe mmoja. "Mchango upande na mlinzi abadilishwe" ni maswali mawili, na dole moja haliwezi kuyajibu. Usiubadilishe ujumbe pia baada ya watu kuanza kujibu. WhatsApp inaruhusu kuhariri ndani ya dakika 15, lakini aliyejibu kabla alikubali maneno ya kwanza. Ukikosea, futa na uanze upya.

Mambo matatu ya kuamua kabla ya kuuliza

La kwanza ni nani anapiga kura. Katika mfano wetu ni kila kaya inayochota maji pale, awe mkimbizi au mwenyeji. Orodha ya kaya 160 inaandikwa kwenye daftari kwanza, na kila jibu linawekwa mbele ya jina la kaya. Namba isiyo na kaya kwenye daftari haihesabiwi. Kaya yenye majibu mawili yanayopingana inaulizwa ni lipi lake.

La pili ni kiasi gani kinatosha. Kisemwe kabla ya kura, si baada ya kuona matokeo. Kwa jambo la pesa, busara ni zaidi ya nusu ya kaya zote, si zaidi ya nusu ya waliojibu. Kwa kaya 160, hiyo ni kaya 81.

La tatu ni jinsi ya kuwafikia wasio kwenye simu. Wanakamati wawili, mmoja mkimbizi na mmoja mwenyeji, wanasimama bombani asubuhi na jioni kwa siku mbili wakiwa na daftari, kisha wanapita nyumba zilizobaki. Mwenyekiti wa LC aambiwe mapema, asisikie habari hizo kwa mpita njia.

Turudi kwenye bomba letu na kurudia kura kwa utaratibu huo. Kwenye simu kaya 58 zinajibu: 39 zinakubali, 14 zinakataa, 5 hazijaamua. Bombani na majumbani zinapatikana kaya nyingine 83: 40 zinakubali, 43 zinakataa. Jumla ya waliokubali ni 79. Zimepungua mbili kufika 81. Pendekezo limeanguka.

Lakini safari hii kamati inajua kitu ambacho madole 52 hayakuweza kuisemea. Kwenye simu waliokubali ni karibu mara tatu ya waliokataa, lakini miongoni mwa waliofikiwa bombani na majumbani waliokataa ni wengi zaidi. Na kwa sababu waliulizwa ana kwa ana, walitoa sababu: mchango unadaiwa tarehe moja ya mwezi, kabla ya pesa ya chakula kutoka, na wazee wanaoishi peke yao wanadaiwa sawa na nyumba ya watu tisa. Kamati inaleta pendekezo jipya: shilingi 1,500, zilipwe wiki ya pesa ya chakula, wazee wa pekee wasamehewe. Hilo linaweza kuulizwa tena kwa daftari lilelile, na mwenye kulipa atajua lilitoka wapi.

Ukikuta umehesabiwa usivyotaka

Kama uliweka dole kwa maana ya "nimeona" na sasa unasoma kwamba kijiji kimekubali, gusa alama yako mara ya pili, itaondoka. Usiishie hapo, kwa sababu pengine hesabu imekwishaandikwa. Andika kundini kwa adabu: "Mwenyekiti, dole langu lilikuwa la kuona ujumbe, si la kukubali. Naomba kaya yangu isihesabiwe." Kama hupendi kusema mbele ya wote, mwambie mwanakamati unayemwamini na umwombe akuonyeshe daftari limerekebishwa.

Na wewe unayeandika ujumbe wa kamati, si lazima uache madole. Kwa kujua nani atakuja kulima barabara kesho, au kama mkutano uwe saa tisa au saa kumi, yanafaa sana, maana makosa yake yanarekebishwa kesho yake. Jambo likigusa pesa ya mtu, ardhi yake, maji yake au jina lake, fungua daftari. Ukishamaliza, andika matokeo kwa namba zote: waliokubali, waliokataa, wasioamua, na kaya ambazo hazikufikiwa. Bandika karatasi hiyo bombani, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, ili asiye na simu naye aisome au asomewe.